Binti ana upungufu wa damu? Anza kwa kuisogeza chai mezani

Je, binti yako amebadilika siku hizi? Alikuwa akikimbia mlima wa kwenda shuleni akiwa wa kwanza, lakini sasa husimama njiani kuvuta pumzi. Walimu wanalalamika kwamba anasinzia darasani. Akirudi nyumbani hujilaza kitandani, na ukimtuma mtoni hujibu kwamba kichwa kinamzunguka. Pengine umemlaumu kwa uvivu, au umedhani ni mambo ya ujana.

Mpenzi mzazi, kabla hujamgombeza, mwite karibu na dirisha. Mwambie aangalie juu, kisha uvute taratibu ukope wa chini wa jicho lake. Nyama ya ndani inapaswa kuwa nyekundu. Ikiwa imepauka, na viganja vyake pia vimepauka ukivilinganisha na vyako, huenda damu yake imepungua. Muulize pia, kwa upole, kama hutafuna odowa, ile miamba laini ya udongo inayouzwa sokoni. Hamu ya kula udongo ni dalili inayowapata watu wengi waliopungukiwa na madini ya chuma, na udongo wenyewe huzidisha shida kwa kuzuia chuma kuingia mwilini na kuleta minyoo.

Wewe mwanafunzi unayesoma ukurasa huu na kujitambua, usione haya. Mweleze mama au mwalimu, upelekwe kupimwa.

Leo tutazungumza juu ya chakula cha msichana wa namna hiyo katika kaunti za milimani za Kisii na Nyamira. Tumezichagua sehemu hizi kwa sababu kuna fumbo moja kubwa huko. Ardhi ina rutuba, mvua ni ya kutosha, na mboga za kienyeji zenye chuma humea hadi nyuma ya jikoni. Hata hivyo, unaweza kumkuta msichana anayekula mboga hizo kila siku na damu yake bado ni chache. Jibu la fumbo hilo mara nyingi limo ndani ya kikombe kilicho kando ya sahani yake.

Chuma kinachopotea njiani

Damu hupata wekundu wake kutokana na hemoglobini, ambayo hubeba hewa safi kutoka mapafuni na kuisambaza mwilini. Hemoglobini haiwezi kutengenezwa bila chuma. Msichana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji chuma kingi kuliko kaka yake kwa sababu mbili. Kwanza, anakua kwa kasi, na mwili unaokua huhitaji damu zaidi. Pili, kila mwezi hupoteza damu. Kwa kawaida hedhi moja huondoa mililita 30 hadi 40 za damu, na kila mililita 2 za damu hubeba kama miligramu 1 ya chuma. Kwa hivyo, kila mwezi anapoteza miligramu 15 hadi 20 ambazo ni lazima zirudishwe na chakula.

Chuma cha chakula ni cha aina mbili. Kile cha nyama, maini na samaki huingia damuni kwa urahisi. Ukila miligramu 10, mwili unaweza kuchukua miligramu 2 au hata 3. Kile cha mboga, maharagwe na nafaka ni kigumu kidogo. Katika miligramu 10 huenda mwili ukachukua nusu miligramu tu, au ukachukua miligramu 1 na zaidi. Tofauti hiyo hutegemea vitu vilivyoliwa pamoja na mboga hiyo.

Hapa ndipo chai inapoingia. Majani ya chai yana vitu vikali vinavyofanya ulimi ukakamae unapokunywa chai ya rangi iliyokolea. Vitu hivyo hukutana na chuma tumboni, vikashikamana nacho, na chuma kikatoka mwilini bila kutumika. Kikombe kimoja cha chai kikinywewa pamoja na chakula cha mboga kinaweza kupunguza chuma kinachoingia damuni kwa zaidi ya nusu. Kahawa nayo hufanya hivyo hivyo.

Sasa tazama maisha ya Kebirigo, Nyansiongo au Kiamokama, ambako michai huanzia barabarani ikaishia kwenye ua wa nyumba. Chai ni mazao ya kuuza, ni makaribisho ya mgeni, na ni kinywaji cha asubuhi, mchana na jioni. Ugali unapoepuliwa usiku, birika nalo liko mezani. Hakuna anayemtaka mkulima wa chai aache chai yake. Kinachotakiwa ni kuisogeza tu. Chai ikinywewa saa moja au zaidi baada ya chakula, madhara yake kwa chuma hupungua sana. Basi saa nne asubuhi na saa kumi jioni ni nyakati nzuri za chai. Saa ya ugali si wakati wake.

Mezani, mahali pa chai pachukuliwe na tunda. Vitamini C hufanya kazi kinyume cha chai, kwani hukifungulia chuma cha mboga mlango. Pera moja lililoiva, chungwa, kipande cha papai, au maji ya limau yaliyokamuliwa juu ya mboga vinaweza kuongeza chuma kinachoingia mara mbili au tatu. Mapera huko Kisii huanguka chini ya miti yakaliwa na ndege. Yaokote, uyaoshe, umpe binti pamoja na chakula chake, wala si saa tatu baadaye.

Nenda sokoni ukiwa na macho

Ukifika soko la Daraja Mbili mjini Kisii, au la Keroka pale mpakani mwa Kisii na Nyamira, utakuta akina mama wamepanga mafungu ya mboga. Tafuta chinsaga, ambayo Waswahili huiita mgagani. Tafuta rinagu, yaani mnavu au managu, na emboga, ambayo ni mchicha au terere. Enderema yenye majani manene na majani ya kunde pia ni mema. Mboga hizi huwa na chuma mara kadhaa kuliko kabichi, ingawa kiasi hubadilika kulingana na udongo. Wazee wa Kisii walijua jambo hili kwa njia yao, kwani tangu zamani chinsaga imekuwa mboga ya mama aliyejifungua, ili arudishe damu.

Hata hivyo, kuna mazoea mawili ya jikoni yanayohitaji kuangaliwa. La kwanza ni kuichemsha chinsaga kwa muda mrefu sana na kumwaga maji ili kuondoa uchungu, kisha kuitia maziwa. Chuma kingi hubaki ndani ya majani, lakini vitamini C huisha, na maziwa mengi pia huzuia chuma. Si kusema maziwa ni mabaya, kwa maana mifupa ya msichana inayahitaji. Mpe glasi yake pamoja na uji au chai ya saa kumi. Chinsaga yake ipikwe kwa kitunguu na nyanya, au itiwe maziwa kidogo tu na tunda liwe kando. La pili ni kutia magadi ili mboga ilainike upesi. Magadi huua vitamini C. Afadhali uchume majani machanga, ambayo hayahitaji magadi.

Kwa upande wa jamii ya kunde, gorogoro moja ya maharagwe hulisha familia siku nyingi. Maharagwe, ndengu na kunde kavu vina chuma cha kutosha, lakini maganda na mbegu zake zina vitu vinavyokishikilia. Dawa yake ni kuloweka usiku kucha, saa 8 hadi 12, kumwaga maji yale na kupika kwa maji mapya. Utaokoa kuni pia, na tumbo halitajaa gesi. Ikiwa unapanda mwenyewe, ulizia mbegu ya maharagwe iitwayo Nyota, ambayo taasisi ya utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, iliitoa kwa kuwa ina chuma kingi na huiva upesi.

Vivyo hivyo kwa wimbi. Uji wa wimbi una sifa ya kuongeza damu, lakini unga mkavu uliokorogwa na kupikwa papo hapo huficha chuma chake. Ukikoroga unga na maji ukauacha uchachuke usiku mmoja au mbili kabla ya kupika, kama bibi zetu walivyofanya, chuma huachiliwa. Tia limau badala ya maziwa asubuhi ile ambayo binti anahitaji damu.

Matumbo si maini

Sasa tuingie duka la nyama. Watu wengi husema, “Nimempa mtoto nyama za ndani,” wakidhani zote ni sawa. Haziko sawa hata kidogo, na hapa pesa nyingi hupotea.

Maini ya ng'ombe yana kama miligramu 5 hadi 6 za chuma katika kila gramu 100. Figo na moyo hukaribia hapo. Mapafu, ambayo mara nyingi huuzwa kwa bei ya chini kuliko maini, yana miligramu 7 au 8 yakiwa mabichi, yaani hayashindwi na maini. Bandama, ambalo wengine huliita wengu, lina kama miligramu 40, na wateja wengi hawaliulizi kabisa. Matumbo, yale ambayo sote hukimbilia kwa sababu ni rahisi, hayana hata miligramu 1. Ni chakula kizuri cha kushibisha na kina protini, lakini usiyahesabu kama dawa ya damu. Miguu ya kuku nayo iko katika kundi hilo.

Kwa hivyo ukiwa na pesa za kilo moja ya matumbo, fikiria kununua robo kilo ya maini au nusu kilo ya mapafu, na ujazilize sufuria kwa maharagwe. Nyama hizi zina faida ya pili. Kipande kidogo cha maini kikiliwa pamoja na rinagu husaidia hata chuma kilichomo ndani ya rinagu kiingie damuni. Omena pia hufanya hivyo, na mfuko mdogo wa omena hupatikana kila soko kutoka Suneka hadi Ikonge.

Tahadhari ni tatu. Nunua nyama iliyokaguliwa na kupigwa muhuri, na ukiona maini yana vinundu, mirija migumu au vijidudu bapa ndani, usiyachukue. Yapike hadi rangi ya waridi iishe ndani. Tatu, maini yana vitamini A nyingi mno. Mara moja kwa juma, au mara mbili kwa vipande vidogo, inatosha. Msichana au mama mjamzito asiyale mara kwa mara, kwa sababu vitamini hiyo ikizidi inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Mapafu, moyo na omena havina shida hiyo.

Kuna jambo jingine ambalo ni lazima lisemwe waziwazi. Katika jamii nyingi za magharibi mwa Kenya kipande kizuri humwendea baba au mgeni, kisha wavulana, na msichana aliyepika hubaki na mchuzi. Baba, ikiwa unasoma haya, jua kwamba mwanamume mzima wa makamo anahitaji kama nusu tu ya chuma anachohitaji binti yako wa miaka 15. Maini ya kuku na firigisi zake zina kazi kubwa zaidi katika sahani ya binti kuliko katika yako.

Mfano wa msichana mmoja

Ili hesabu hizi zieleweke, hebu tumchukue msichana wa kubuni wa karibu na Keroka. Ana miaka 15, yuko shule ya kutwa, na uzito wake ni kilo 48. Amepimwa, na hemoglobini yake ni gramu 9.5 katika kila desilita ya damu. Kwa msichana wa umri wake, chini ya gramu 12 ni upungufu. Lakini Kisii iko juu, mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, na penye hewa nyepesi mwili hutengeneza damu zaidi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2024 unaongeza kama gramu 1 kwa wanaoishi kwenye vimo hivyo. Kwa hiyo msichana wetu anapaswa kufika karibu 13, na amepungukiwa na gramu tatu na nusu.

Katika mwili wake mna damu lita tatu na kidogo. Kuijaza damu hiyo kwahitaji kama miligramu 380 za chuma, na hiyo ni kabla ya kuweka akiba yoyote. Tuseme chakula chake kimerekebishwa vizuri, na sasa kila siku mwili unapata miligramu 1 zaidi ya matumizi yake. Gawanya. Itamchukua zaidi ya mwaka mzima kupona kwa chakula pekee, na mitihani haitamngoja.

Ndiyo maana daktari humpa vidonge. Kidonge cha kawaida kina kama miligramu 60 za chuma, na hata mwili ukichukua sehemu ndogo tu, damu inaweza kurudi katika muda wa miezi miwili au mitatu. Baada ya hapo huendelea navyo kwa kama miezi mitatu mingine ili akiba ijae. Chakula hakichukui nafasi ya vidonge kwa msichana ambaye tayari ni mgonjwa. Kazi ya chakula ni kuvisaidia sasa, na kuhakikisha kwamba mwakani, vidonge vikiwa vimekwisha, hatarudi pale pale.

Sasa tuone alivyokuwa akila. Asubuhi alikunywa chai ya maziwa na viazi vitamu. Mchana shuleni alikula githeri. Jioni nyumbani ilikuwa ugali, sukuma wiki na chai. Chuma kilikuwamo katika githeri na sukuma wiki, lakini hapakuwa na tunda wala nyama, na chai ilikuwa mezani mara mbili.

Mama yake hakuwa na pesa za kuongeza. Alibadilisha mambo manne. Asubuhi sasa ni uji wa wimbi uliochachuka uliotiwa limau, na chai imehamia saa nne, wakati wa mapumziko shuleni. Mchana msichana hubeba pera au chungwa mkobani na kulila pamoja na githeri. Jioni ugali huliwa na rinagu, emboga au chinsaga, pamoja na maharagwe yaliyolowekwa, na chai ya baba hutolewa baada ya vyombo kuoshwa na kila mtu kukaa kidogo. La nne, pesa za matumbo ya Jumamosi zilinunua robo kilo ya maini Jumapili na nusu kilo ya mapafu Jumatano. Ijumaa ni omena.

Robo kilo ya maini ikigawiwa watu watano, kila mmoja hupata gramu 50 zenye kama miligramu 3 za chuma. Mama akimwongezea binti kipande cha pili, anapata miligramu 6. Angekula matumbo kwa uzito huo huo angepata kama nusu miligramu. Tofauti hiyo yote imetokana na chaguo lililofanywa mbele ya mwenye duka.

Mapishi mawili ya kujaribu

Maini na rinagu (watu watano)

Mahitaji: robo kilo ya maini, mafungu mawili makubwa ya rinagu, nyanya 3, vitunguu 2, vijiko 2 vya mafuta, limau 1, chumvi kiasi.

Chambua rinagu, uchukue majani na ncha laini tu. Matunda mabichi ya kijani yatupwe, kwa sababu yana sumu. Osha kabla ya kukata, si baada ya kukata. Chemsha kwa maji kidogo, sufuria ikiwa imefunikwa, kwa dakika 10 hivi. Osha maini, uvue ngozi nyembamba ya juu, uyakate vipande vyembamba kama kidole. Kaanga vitunguu hadi vilainike, tia maini na uyageuze kwa dakika 5 hadi 7. Kata kipande kimoja katikati. Ikiwa hakuna damu wala rangi ya waridi, yameiva. Ukiyaacha zaidi yatakuwa magumu kama ngozi ya kiatu, na watoto watayakataa. Tia nyanya, ziache zilainike, kisha changanya rinagu na chumvi. Epua na ukamulie limau. Andaa kwa ugali wa wimbi au ndizi za kuchemsha.

Maharagwe na emboga (watu watano)

Mahitaji: vikombe 2 vya maharagwe au ndengu, fungu moja kubwa la emboga, nyanya 4, kitunguu 1, kitunguu saumu kidogo, mafuta, chumvi.

Loweka maharagwe usiku kucha. Asubuhi mwaga maji, osha, na uchemshe kwa maji mapya hadi yalainike kabisa. Kaanga kitunguu na kitunguu saumu, tia nyanya tatu na uzipondeponde, kisha maharagwe na supu yake. Ikichemka kwa dakika 10, tia emboga iliyokatwa na ufunike kwa dakika 5 tu. Nyanya iliyobaki ikatwe mbichi na kuwekwa juu ya kila sahani. Kila mtu apate kipande cha chungwa au pera. Kwa familia isiyokula nyama, hiki ndicho chakula cha kutegemewa, na tunda hapo ni sehemu ya dawa, si mapambo.

Mapafu hupikwa kwa njia ya mchuzi. Yachemshe kwanza kwa muda wa saa moja, yakate vipande vidogo, kisha uyakaange na nyanya nyingi. Bandama lina ladha kali, kwa hiyo likate liwe laini, uchanganye kidogo ndani ya mchuzi wa maini au maharagwe.

Ikiwa damu haipandi

Mtoto aliyeanza vidonge na chakula hiki anapaswa kupimwa tena baada ya kama majuma 4. Hemoglobini ikiwa imepanda kwa gramu 1 au zaidi, mko njiani. Msichana wetu wa Keroka, kwa mfano, angetarajiwa kuwa na kama 10.5 au 11. Yeye mwenyewe atahisi nafuu hata mapema, mlima ukianza kuwa mwepesi.

Ikiwa kipimo kimekwama pale pale, usikimbilie kuongeza maini. Uliza maswali. Je, vidonge vinamezwa kweli? Wasichana wengi huviacha kimyakimya kwa sababu huchafua tumbo na kufanya choo kuwa cheusi. Choo cheusi ni cha kawaida na hakidhuru. Tumbo likisumbua, avimeze baada ya chakula, au daktari amwambie anywe siku moja na kuruka moja. Je, anavimeza kwa chai? Basi ni bure. Avimeze kwa maji au maji ya chungwa.

Je, hedhi yake ni nzito? Ikiwa inapita siku 7, au sodo inajaa kila baada ya saa moja au mbili, au mabonge makubwa hutoka, damu inavuja kuliko inavyotiwa, na hilo lina matibabu yake. Mama, ni wewe utakayeuliza, kwa sababu yeye hatasema. Je, ana minyoo ya safura, ile inayoingia kupitia nyayo za miguu mitupu na kunyonya damu tumboni? Choo kipimwe. Je, ameugua malaria karibuni? Nyanda hizi za juu hupatwa na milipuko ya malaria, hasa baada ya mvua nyingi, na malaria huvunja chembe za damu.

Pia si kila upungufu wa damu unatokana na chuma. Ugonjwa wa seli mundu, ambao mtoto hurithi, upo magharibi mwa Kenya, na mtoto wa namna hiyo hapaswi kupewa vidonge vya chuma bila kupimwa. Ndiyo maana safari ya kwanza iwe zahanati, au hospitali ya rufaa ya Kisii au ya Nyamira, na wala si duka la dawa. Akiwa anahema hata akiwa ameketi, moyo unamdunda, amezimia, au kipimo kiko chini ya 7, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Hapo si suala la mboga tena.

Vidonge hivyo vifungiwe juu, mbali na wadogo zake. Ni vitamu kwa nje, na vichache tu vinaweza kumuua mtoto mdogo.

Jioni ya leo, basi, angalia kitu kimoja tu. Ugali ukiepuliwa, tazama birika liko wapi. Likiwa mezani, lirudishe jikoni, uweke sahani ya mapera mahali pake. Chai itanywewa baadaye, na haitaharibika kwa kungoja saa moja.